Uko folda gani? Amri sita za teminali za kupangia mafaili ya ofisi

Ofisi ndogo za klaringi hapa Mombasa hupokea karatasi zake nyingi kwa barua pepe na kwa WhatsApp. Ankara kutoka kwa mteja, picha za gari lililoshushwa Kilindini, risiti ya malipo ya bandari, orodha ya mizigo, vyote huangukia folda moja iitwayo Downloads na kulala humo mpaka siku mteja apige simu kuulizia karatasi yake. Mwongozo huu unaichukua folda kama hiyo na kuipanga tangu mwanzo hadi mwisho kwa teminali, yaani dirisha ambamo unaiandikia kompyuta amri badala ya kubofya kwa kipanya. Amri zinazohitajika ni sita tu: pwd, ls, cd, mkdir, mv na rmdir. Zipo nyingine mamia, ila kwa kazi hii hazihitajiki.

Mfano wetu unatumia Ubuntu, ambayo utaikuta kwenye laptopu nyingi za mtumba zilizouzwa bila Windows. Mwenye Mac ataandika amri zile zile. Mwenye Windows ana PowerShell, nayo inazielewa ls, cd na mkdir kwa kiasi fulani, lakini herufi za nyongeza kama -i na -l haizichukulii vile vile. Ni afadhali aweke WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows, kwa kuandika wsl --install ndani ya PowerShell iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Akimaliza akumbuke jambo moja: ndani ya WSL, diski yake ya C iko /mnt/c, kwa hivyo Downloads yake haitakuwa pale ambapo mfano huu unaionyesha. Ataikuta chini ya /mnt/c/Users, ndani ya folda yenye jina lake.

Kufungua na kusoma mstari wa kwanza

Kwenye Ubuntu bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Kwenye Mac bonyeza Command na nafasi, andika Terminal, kisha Enta. Litafunguka dirisha lenye mstari kama huu:

```
karani@ofisi:~$
```

Karani ni jina la mtumiaji, ofisi ni jina la kompyuta, na alama ~ ni folda yako ya nyumbani. Alama ya $ inakwambia kwamba mashine inangoja amri. Usiichape hiyo $ hata ukiiona imeandikwa kwenye mafunzo, kwa sababu inatoka kwenye kompyuta yenyewe. Mac huonyesha % mahali pake, na maana ni ile ile.

Jambo la kuzoea mapema ni ukimya. Amri nyingi zikifaulu hazisemi neno. Mstari unarudi tu na alama yake ya $, basi. Mtu aliyezoea vidirisha vya kumpongeza hudhani hakuna kilichotokea, akarudia amri mara ya pili na kujiletea kosa ambalo halikuwapo. Teminali ikinyamaza, ujue imekubali. Ikiongea, soma ilichosema, kwani mara nyingi kosa limetajwa pale pale kwa jina.

pwd: umesimama wapi

Teminali daima iko ndani ya folda moja, na karibu kila amri utakayoandika itafanya kazi kuanzia hapo. Ukiwa na kipanya unaliona dirisha la folda mbele yako. Hapa huoni kitu, unauliza:

```
pwd
```

Jibu litakuwa mfano huu:

```
/home/karani
```

Kwenye Mac itakuwa /Users badala ya /home. Isome kutoka kushoto: mkwaju wa kwanza, yaani ile alama ya /, ni mzizi, mwanzo wa diski nzima. Ndani yake kuna home, na ndani ya home kuna karani. Maandishi haya yote kwa pamoja huitwa njia.

Njia ni za aina mbili, na hapa ndipo wanaoanza wengi hujikwaa. Mgeni akikuuliza nyumba fulani Mji wa Kale, unaweza kumwambia "kata kulia, mlango wa pili". Maelekezo hayo yanamfaa aliyesimama pale pale ulipo wewe. Ukimwambia "anzia lango la Ngomeni, ufuate Ndia Kuu", atafika hata kama sasa hivi yuko Likoni. Njia inayoanza na mkwaju, kama /home/karani/Documents, ni ya Ngomeni: inafika palepale kutoka folda yoyote. Njia isiyoanza na mkwaju, kama Documents/kazi, inahesabiwa kuanzia ulipo. Alama ~ ikitangulia, kama ~/Documents, inasimama badala ya /home/karani, kwa hivyo nayo haitegemei umesimama wapi.

Ukiona ujumbe "No such file or directory", kompyuta inasema imefuata njia uliyoitaja na haikukuta kitu mwishoni. Haina maana kwamba faili limepotea. Katika hali nyingi faili lipo salama na wewe ndiye uliye folda nyingine. Kabla hujashtuka, andika pwd.

ls: kuna nini hapa

Ukishajua ulipo, tazama kilichomo. Andika ls ukiwa nyumbani na utaona Desktop, Documents, Downloads, Pictures na wenzao. Unaweza pia kuchungulia folda nyingine bila kuhama:

```
ls ~/Downloads
```

Kwenye folda yetu ya mfano jibu ni hili:

```
 ankara-aprili.pdf   gari-1.jpg   orodha.xlsx
 ankara-machi.pdf    gari-2.jpg  'risiti ya bandari.pdf'
```

Tazama lile faili la mwisho. Limezungushiwa alama za kunukuu kwa sababu jina lake lina nafasi. Alama hizo si sehemu ya jina, ni teminali inayokutahadharisha. Tutalirudia.

Ukitaka maelezo zaidi, ongeza herufi mbili:

```
ls -lh ~/Downloads
```

Sasa kila faili linapata mstari wake, mfano:

```
-rw-rw-r-- 1 karani karani 180K Mar  3 09:14 ankara-machi.pdf
```

Kwa anayeanza, vitu vitatu tu katika mstari huu vina kazi. Alama ya kwanza kabisa: ikiwa ni kistari, hilo ni faili; ikiwa ni d, hiyo ni folda. Kisha ukubwa, hapa ni 180K. Mwisho tarehe na saa ambapo faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Hayo mengine yanahusu mwenye faili na ruhusa zake, na kwa leo yaache. Ile alama ya kwanza, hata hivyo, ikumbuke vizuri. Itatuokoa tukifika kwenye mv.

Ukiwa na Downloads ya miezi mingi, ls -lt huweka mapya juu. Na ls -a huonyesha hata mafaili ambayo jina lao linaanza na nukta, ambayo kwa kawaida hufichwa. Mafaili hayo ni mipangilio ya programu. Yatazame ukipenda, ila usiyahamishe.

cd: kuhama

```
cd Downloads
pwd
```

Jibu: /home/karani/Downloads. Pia mstari wa kungojea amri umebadilika, sasa una ~/Downloads kabla ya $. Kwa hivyo kwenye Ubuntu unaweza kujua ulipo bila kuuliza, mradi uwe na tabia ya kuutazama.

Kupanda ngazi moja ni cd na nukta mbili, zikiwa na nafasi katikati yake na cd:

```
cd ..
```

Kuandika cd peke yake hukurudisha nyumbani kutoka popote. Na cd - hukurudisha folda uliyotoka sasa hivi, jambo linalofaa sana unapopishana kati ya folda mbili, kama tutakavyofanya baadaye.

Ubuntu inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Andika cd downloads na utajibiwa hivi:

```
bash: cd: downloads: No such file or directory
```

Dawa yake ni kitufe cha Tab, na kwangu hicho kina faida kuliko amri yoyote ya kukariri. Andika cd Dow kisha bonyeza Tab: teminali itamalizia jina yenyewe, kwa herufi zake sahihi. Ukibonyeza na isimalizie, basi ama herufi ulizoandika si sahihi, ama kuna majina zaidi ya moja yanayoanza hivyo. Bonyeza mara ya pili na yatajitokeza yote. Chukulia kwa mfano cd Do na Tab: itakwama, kwa kuwa Documents na Downloads zote zinaanza na Do. Ongeza w, ubonyeze tena. Jina lililomaliziwa na Tab lipo kwa yakini, na hapo umeshajiondolea makosa ya tahajia.

mkdir: kujenga folda

Tunataka folda ya kazi ndani ya Documents, ndani yake mwaka, na ndani ya mwaka folda tatu: ankara, picha na risiti. Kosa la kawaida ni kuandika mkdir ukiwa bado Downloads. Kompyuta haitakukataza. Itazijenga folda zako humo humo, kimya, nawe utakwenda kuzitafuta Documents usizione. Kwa hivyo hama kwanza, uhakikishe, ndipo ujenge:

```
cd ~/Documents
pwd
mkdir -p kazi/2025
cd kazi/2025
mkdir ankara picha risiti
ls
```

Hiyo -p inaamuru kujenga kila ngazi isiyokuwapo. Bila hiyo, mkdir kazi/2025 ingekataa kwa sababu kazi yenyewe haijajengwa, na mkdir ya kawaida hujenga ngazi ya mwisho tu. Vilevile -p hainung'uniki ukitaja folda ambayo tayari ipo, wakati mkdir tupu itasema "File exists". Ujumbe huo hauna madhara: folda ya zamani na vilivyomo havijaguswa.

Mstari wa mwisho wa mkdir umejenga folda tatu kwa mpigo kwa sababu nafasi, kwa teminali, inatenganisha kitu na kitu. Uzuri huo huo ndio unaotutega sisi tunaoandika Kiswahili, maana majina yetu yamejaa "ya" na "wa". Andika hivi:

```
mkdir Wateja wa Machi
```

Umejenga folda tatu: Wateja, wa, na Machi. Ukijaribu kuingia kwa cd Wateja wa Machi, utaambiwa "too many arguments", yaani umeipa cd vitu vingi mno. Kama ni lazima jina liwe na nafasi, lifunge kwa alama za kunukuu kila unapolitaja:

```
mkdir "Wateja wa Machi"
```

Ushauri wangu ni kuachana na nafasi kabisa. Andika wateja-wa-machi, kwa kistari na herufi ndogo tupu. Ukiifanya hivyo katika ofisi nzima, nusu ya matatizo ya teminali hutayaona.

Zile folda tatu za makosa ziondoe kwa rmdir Wateja wa Machi. Safari hii nafasi ziko upande wako, kwani amri moja inafuta zote tatu. Amri ya rmdir hufuta folda tupu pekee. Ikikuta kitu ndani husema "Directory not empty" na kuacha kila kitu kilivyo, na ndiyo maana inamfaa anayeanza. Amri ya rm ni nyingine: inafuta mafaili moja kwa moja, bila kuyapitisha kwenye pipa la taka, na hakuna kitufe cha kurudisha. Kupanga folda hakuhitaji rm hata kidogo, kwa hivyo iache.

mv: kuhamisha

Rudi kwenye Downloads. Kabla ya kuhamisha, tazama kwa ls kile hasa utakachokihamisha:

```
cd ~/Downloads
ls ankara-*.pdf
```

Nyota inasimama mahali pa herufi zozote. Jibu linapaswa kuwa mafaili mawili, ankara-aprili.pdf na ankara-machi.pdf. Ukiona faili usilolitarajia, hujaharibu kitu. Rekebisha maneno na utazame tena. Orodha ikiwa sawa, bonyeza kishale cha juu ili amri irudi, badilisha ls iwe mv -i, na mwishoni ongeza unakopeleka:

```
mv -i ankara-*.pdf ~/Documents/kazi/2025/ankara/
```

Kuna vitu viwili vidogo katika mstari huo ambavyo wengi huviacha, na kila kimoja kina sababu yake.

Cha kwanza ni -i. Kama folda unakopeleka tayari ina faili lenye jina hilo hilo, mv tupu italifuta la zamani na kuweka jipya, bila kuuliza na bila kukujulisha. Katika ofisi ambayo wateja watatu wanaweza kukutumia kila mmoja faili liitwalo invoice.pdf, hilo si jambo la kinadharia. Ukiweka -i, teminali itasimama na kuuliza kama ilifute lile la zamani. Jibu n kisha Enta, na vyote viwili vitabaki pale vilipokuwa. Kisha uliite jipya jina tofauti.

Cha pili ni mkwaju wa mwisho, baada ya neno ankara. Amri ya mv ina kazi mbili: kuhamisha na kubadilisha jina. Inachagua kazi kwa kutazama kama mwisho wa njia ni folda iliyopo. Sasa tuseme unataka kuhamisha orodha.xlsx kwenye folda iitwayo orodha, na umesahau kwamba hukuijenga:

```
mv orodha.xlsx ~/Documents/kazi/2025/orodha
```

Folda haipo, kwa hivyo mv inachukulia kwamba orodha ndilo jina jipya la faili. Inalihamisha, inalivua lile .xlsx, na kunyamaza kimya kama iliyofaulu. Wewe unafikiri una folda yenye faili ndani, kumbe una faili lisilo na kiambishi, na ukibofya kwa kipanya huenda lisifunguke. Ukituma la pili kwa njia hiyo hiyo bila -i, linakaa juu ya la kwanza, na la kwanza limekwenda.

Hapa ndipo ile alama ya kwanza ya ls -l inapofanya kazi yake:

```
ls -l ~/Documents/kazi/2025
```

Mistari ya ankara, picha na risiti inaanza na d. Mstari wa orodha unaanza na kistari, basi hiyo si folda. Kulitengeneza ni rahisi, ni kulirudishia jina lake pale pale Downloads:

```
mv -i ~/Documents/kazi/2025/orodha ~/Downloads/orodha.xlsx
```

Kama ungekuwa umeandika orodha/ yenye mkwaju, mv ingekataa tangu mwanzo, kwa sababu mkwaju unasema wazi kwamba unataka folda, na folda haipo. Ndiyo maana napenda uwepo kila mara unapohamisha kitu kuingia ndani ya folda.

Picha zinafuata utaratibu ule ule:

```
ls gari-*.jpg
mv -i gari-*.jpg ~/Documents/kazi/2025/picha/
```

Imebaki ile risiti yenye nafasi kwenye jina. Andika mv -i ris kisha Tab, na teminali italimalizia jina huku ikiweka mkwaju wa kurudi nyuma kabla ya kila nafasi. Hiyo ni njia yake nyingine ya kusema kwamba nafasi hizo ni sehemu ya jina. Ukipenda, tumia alama za kunukuu. Na kwa kuwa mv inaweza kuhamisha na kubadilisha jina kwa pamoja, tuziondoe nafasi hizo hapa hapa:

```
mv -i "risiti ya bandari.pdf" ~/Documents/kazi/2025/risiti/risiti-bandari.pdf
```

Ukifungua alama ya kunukuu na kusahau kuifunga, ukibonyeza Enta utaona alama > peke yake kwenye mstari mpya, na kila unachoandika hakijibiwi. Teminali haijakwama, inangoja uifunge ile alama. Bonyeza Ctrl na C, amri itafutwa bila kutekelezwa, na $ itarudi. Uanze upya.

Huenda mahali fulani ukakutana na "Permission denied", hasa ukijaribu kujenga folda nje ya nyumbani kwako. Mtu atakushauri uweke sudo mbele ya amri ili itekelezwe kwa mamlaka ya msimamizi. Kwa kazi hii kataa. Folda iliyojengwa kwa sudo inakuwa mali ya msimamizi wa mashine, na kesho wewe mwenyewe utashindwa kuweka faili ndani yake. Andika pwd, takriban kila mara utakuta umetoka nje ya /home bila kujua, na cd peke yake itakurudisha.

Kuhakiki

Herufi kubwa R huifanya ls iingie kwenye kila folda ya ndani:

```
ls -R ~/Documents/kazi
ls ~/Downloads
```

Amri ya kwanza inapaswa kuonyesha ankara mbili, picha mbili na risiti moja, kila kitu kwenye folda yake. Ya pili ionyeshe orodha.xlsx peke yake. Jumla ni mafaili sita, sawa na yale tuliyoanza nayo. Jumla ikipungua, tafuta kwanza faili lililobadilishwa jina kwa bahati mbaya, na mahali pa kuanzia ni ls -l kwenye folda ya mwaka, ukitazama mstari wowote unaoanza na kistari badala ya d.